Sura ya Nane: Ukuta wa Matongo na Bunduki Isiyo na Mtu

Wilaya za Serengeti na Tarime zinapakana, na kila moja ina eneo linalolindwa usiku na mchana. Upande wa Serengeti kuna mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, yanayolindwa dhidi ya majangili wa nyamapori. Upande wa Tarime kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, jirani wa Kata ya Matongo, unaolindwa dhidi ya vijana wanaoingia kuokota mawe yenye dhahabu, ambao walinzi huwaita wavamizi. Mjadala kuhusu silaha zinazochagua zenyewe nani wa kupigwa hufanyika Geneva na New York, kwa lugha ya wanadiplomasia. Mimi naona unaeleweka vizuri zaidi ukisimama kati ya maeneo haya mawili.

Tuanze na Grumeti, maana huko hatua nyingi za mtambo wa aina hiyo zimekwisha kufanya kazi, ila bila silaha. Mwanzoni mwa mwaka 2019 shirika la RESOLVE la Marekani lilitangaza kamera iitwayo TrailGuard AI, ambayo toleo lake la awali lilikuwa limejaribiwa katika pori hilo. Kichwa chake ni chembamba kama kalamu, na hufichwa kwenye mti au kichaka kando ya njia ya miguu. Kitu kikipita, kamera inaamka na kupiga picha. Ndani yake kuna chipu iliyofundishwa kwa picha nyingi kutofautisha mtu, gari na mnyama. Ikiona swala, au majani yanayotikiswa na upepo, inanyamaza na kutunza betri. Ikiona mtu, picha inatumwa kwenye chumba cha operesheni katika muda wa dakika chache. Kamera za zamani zilituma kila kitu, na askari walimaliza usiku wakitazama pundamilia.

Kazi ya mashine inaishia hapo. Anayeipokea picha ni mtu mwenye kiti, redio na ramani. Anaangalia aliyepigwa picha amebeba nini, anaingia porini au anatoka, ni saa ngapi, na kama doria yao wenyewe ilipangwa kupita njia hiyo. Huenda aliyeonekana ni mama anayetafuta kuni, au mchungaji anayemfuata ng'ombe aliyepotea. Chipu imesema tu kwamba huyu ni mtu. Haijasema kwamba ni jangili, na wala haiwezi, kwa sababu ujangili hauonekani kwenye umbo la mwili. Ni hukumu kuhusu nia, kibali, mahali na sheria. Doria ikitumwa, askari watamwona mtu yule kwa macho, watamsimamisha, watamuuliza. Akikamatwa atafikishwa mahakamani. Katika kila hatua yupo mtu anayeweza kusema, hapana, tumekosea.

Sasa badilisha hatua ya mwisho tu. Kihisi kile kile, chipu ile ile, lakini badala ya kutuma picha kwa askari, mtambo unatuma amri kwa bunduki. Hii si hadithi. Katikati ya miaka ya 2000 Korea Kusini ilitengenezewa na kampuni ya Samsung bunduki ya kulinda mpaka wake na Korea Kaskazini, iliyoitwa SGR-A1. Ina kamera za mchana na za usiku, na inaweza kumgundua mtu akiwa umbali wa zaidi ya kilomita tatu. Watengenezaji walisema haitafyatua bila idhini ya askari. Kwa miaka mingi wataalamu wamebishana kama ingeweza kufyatua yenyewe iwapo mtu angeiwekea mpangilio huo. Tazama ubishi wenyewe ulivyo: suala zima ni mpangilio wa swichi.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inaieleza silaha ya namna hii hivi: baada ya mtu kuiwasha, yenyewe inachagua shabaha na kuipiga bila mtu kuingilia tena. Anayeiwasha hajui hasa itampiga nani, lini na wapi. Maelezo hayo yanatenganisha mambo yanayochanganywa mara kwa mara magazetini. Ndege isiyo na rubani iliyopiga kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit, Tigray, Januari 2022 na kuua makumi ya watu, ilikuwa balaa, lakini ndege za aina hiyo huongozwa na mtu aliye mbali mwenye skrini. Mfano wa Libya una utata zaidi. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilisema kwamba droni za Kituruki aina ya Kargu-2, zilizotumika mwaka 2020, zilikuwa zimepangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano kati ya rubani na silaha. Ripoti haikueleza kama kweli ziliua mtu zikiwa katika hali hiyo.

Na kwa maelezo hayo hayo, silaha kongwe zaidi ya aina hii ni bomu la kutegwa ardhini. Nalo linachagua lenyewe, kwa kihisi duni kuliko vyote, yaani uzito wa mguu. Mguu wa askari na wa mtoto kwake ni kitu kimoja. Watanzania tunalijua jambo hili kwa njia ya pekee, maana panya buku wanaofundishwa Morogoro wamepelekwa Msumbiji, Angola na Kambodia kunusa mabomu ambayo walioyatega walikwisha kuondoka zamani. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 uliyapiga marufuku, na Tanzania iliuridhia mwaka 2000.

Matongo hakuna bunduki inayojiendesha. Natumia ukuta wa mgodi kama kipimo, na ninautumia kwa sababu hauwapi raha wapinzani wa silaha hizi. Wapinzani husema kwamba uamuzi wa kuua lazima ubaki mikononi mwa binadamu. Vema. Tarehe 16 Mei 2011 mamia ya watu waliingia katika eneo la mgodi wa North Mara, na watu watano wakauawa kwa risasi za polisi. Kila risasi ilifyatuliwa na binadamu. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho watu kupigwa risasi katika mgodi ule. Anayesema kwamba mkono wa mtu peke yake ni kinga, ana deni la kuwaeleza wakazi wa Matongo kinga hiyo ilikuwa wapi siku ile.

Hoja ya watetezi inaanzia hapo hapo. Mwanasayansi wa roboti Ronald Arkin, wa Marekani, amedai tangu miaka ya 2000 kwamba mashine inaweza siku moja kuheshimu sheria za vita kuliko askari. Haichoki. Haimlilii mwenzake aliyepigwa jiwe, kwa hiyo hailipizi kisasi. Muhimu zaidi, haiogopi kufa, na kwa hiyo inaweza kungoja. Askari aliyezungukwa na umati gizani hufyatua mapema kwa sababu roho yake iko hatarini. Mashine ikipondwa kwa mawe ni hasara ya vyuma. Tena inaweza kurekodi kila ilichokiona kabla ya kupiga, jambo ambalo mashahidi wa binadamu hawaliwezi na wakati mwingine hawalitaki.

Kuna ushahidi wa kihistoria unaoitia nguvu hoja hii. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani, USS Vincennes, iliitungua ndege ya abiria ya Iran juu ya Ghuba na kuua watu wote 290 waliokuwa ndani. Kompyuta za meli zilikuwa zikionyesha kwamba ndege inapanda juu, kama ndege ya abiria inavyofanya baada ya kuruka. Mabaharia, katika joto la mapigano na boti za Iran, waliamini kwamba inashuka kuwashambulia. Mashine ilisema kweli, binadamu wakasoma hofu yao.

Hoja hii haivunjwi kwa kupiga kelele kuhusu roboti wauaji. Inapaswa kujibiwa ilivyo, na jibu lake la kwanza ni kuuliza mashine hiyo ingeamriwa nini hasa.

Rudi ukutani. Matongo hakuna vita, kwa hiyo sheria inayotawala ni ya polisi. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinaruhusu kuua kwa makusudi pale tu ambapo haiepukiki kabisa ili kuokoa uhai. Kuiba jiwe la dhahabu si sababu. Sasa mwandishi wa programu akae chini aandike sharti hilo. Atawaambiaje vihisi watofautishe kijana aliyeinua mkono ili arushe jiwe na kijana aliyeinua mkono ili asalimu amri? Au yule anayekimbia kuelekea kwa polisi kwa sababu nyuma yake kuna mabomu ya machozi? Subira ya mashine ya Arkin ina faida ikiwa mashine inajua inangoja nini, na kinachongojewa hapa ni dalili ya nia ya mtu mwingine. Chipu ya Grumeti ilikomea kwenye neno "mtu" kwa sababu nzuri.

Vitani sheria inalegeza sharti la polisi lakini inaongeza mengine. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977 kwenye Mikataba ya Geneva inadai kumtenga mpiganaji na raia, inakataza kumpiga aliyejisalimisha au aliyejeruhiwa asiyeweza kupigana tena, na inakataza shambulio ambalo madhara yake kwa raia yanapita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi inayotarajiwa. Fikiria Kivu ya Kaskazini, ambako wapiganaji wa Wazalendo wengi hawavai sare. Mkulima mwenye panga, mchimbaji mwenye sururu na mpiganaji aliyeficha bunduki chini ya koti wanapita barabara moja. Askari naye atakosea huko, ni kweli. Lakini askari anaweza kumtazama mtu yule akimkabidhi mtoto kwa mkewe, na kuelewa alichokiona.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya uwajibikaji. Mwanafalsafa wa Australia, Robert Sparrow, aliiandika mwaka 2007: silaha ikijiamulia yenyewe na kuua isivyo halali, nani wa kushtakiwa? Mwandishi wa programu atasema hakuwapo. Kamanda atasema aliiwasha kwa kufuata mwongozo. Kiwanda kitasema kilimuuzia kamanda kifaa kilichopita majaribio. Mashine yenyewe haifungwi jela. Watetezi hujibu kwamba pengo hilo limekuzwa: mwenye mbwa mkali hulipa mbwa anapong'ata, hata kama hakumtuma, na dola inabaki kuwajibika kwa kila silaha ya jeshi lake. Naona wana haki nusu. Fidia inaweza kulipwa bila kumjua aliyeamua. Jinai haiwezi, kwa kuwa inataka nia au uzembe wa mtu fulani, na wakili mzuri atayagawanya maamuzi hayo mpaka yasibaki hata makombo.

Matongo inaonyesha tofauti hiyo si ya vitabuni. Baada ya mauaji yale, majeruhi na ndugu wa marehemu walifungua madai mwaka 2013 katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya African Barrick Gold, iliyokuwa na makao yake huko, na kampuni yake tanzu ya mgodi. Kampuni zilikana kuwajibika. Mwaka 2015 madai yalimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Njia hiyo ilikuwa ndefu na ilifunika mengi, lakini iliwezekana kwa sababu mawakili walikuwa na maswali ya kuuliza: polisi waliitwa na nani, kwa makubaliano gani, na mgodi ulijua nini kuhusu risasi zilizotangulia. Yote ni maswali kuhusu uamuzi wa watu. Weka bunduki inayojiendesha ukutani, na swali kubwa la mawakili litakuwa kuhusu mpangilio wa programu ambao mwenye nayo atauita siri ya biashara.

Kwa hiyo turudishe mtu kwenye mtambo, na mambo yaishe? Hapa ndipo wengi huridhika mapema. Usiku wa Machi 2003, katika siku za mwanzo za vita vya Iraki, ndege ya kivita ya Uingereza aina ya Tornado ilikuwa ikirudi kambini Kuwait. Betri ya Marekani ya makombora ya Patriot iliiona kwenye rada. Kompyuta ikalinganisha mwendo na njia ya ndege ile na vigezo vilivyowekwa ndani yake, ikaamua kwamba ni kombora la adui la kuangamiza rada. Vigezo vilikuwa vipana mno kwa anga lililojaa ndege rafiki. Kifaa cha ndege cha kujitambulisha kwa rafiki hakikujibu. Betri haikuwa na mawasiliano kamili na makao yake, kwa hiyo haikuona picha pana ambayo wengine waliiona. Askari waliokuwa kwenye skrini walikuwa na takriban dakika moja. Walifyatua. Wanajeshi wote wawili waliokuwamo, rubani na mwongoza ndege, raia wa Uingereza, walikufa. Siku chache baadaye Patriot ikatungua ndege ya Marekani yenyewe.

Mtu alikuwapo, na kidole kilikuwa chake. Lakini alikuwa na nini cha kuamulia? Skrini ilimwambia "kombora", mafunzo yalimwambia aiamini skrini, na saa ilimwambia akichelewa atakufa na wenzake. Mtu wa namna hiyo amewekwa pale abebe lawama zaidi kuliko kuamua. Kisa hiki ndicho kinachobeba uzito wa maneno "udhibiti wa maana wa binadamu", yaliyoanza kusambaa mwaka 2013 kupitia shirika la Uingereza liitwalo Article 36. Kuwapo kwa mtu hakutoshi. Anayeidhinisha lazima ajue kinachopigwa kwa njia nyingine zaidi ya neno la mashine, awe na muda na ruhusa ya kukataa, na mtambo uwe umefungwa ndani ya mipaka ya eneo, saa na aina ya shabaha ambayo kamanda anaielewa. Askari wa Grumeti anayetazama picha ana vyote hivyo. Askari wa Patriot hakuwa hata na kimoja kwa ukamilifu.

Marekani haitumii maneno hayo. Agizo la wizara yake ya ulinzi namba 3000.09, la mwaka 2012 na lililohuishwa mwaka 2023, linadai "viwango vifaavyo" vya hukumu ya binadamu. Ufaafu hupimwa na mwenye silaha mwenyewe, na kwa maoni yangu hilo ni tundu pana. Lakini kuna jambo moja ambalo Wamarekani wana haki nalo. Kombora likija kwenye meli kwa kasi kuliko sauti, hakuna baharia atakayelitafakari. Kupiga chuma kinachoruka juu ya bahari tupu si sawa na kupiga mtu, na katazo linalovichanganya viwili hivyo halitapata sahihi za wenye silaha wala halistahili.

Msalaba Mwekundu ulikwisha kuona mgawanyo huo. Mei 2021 ulipendekeza marufuku kwa mitambo ambayo matokeo yake hayatabiriki, marufuku nyingine kwa mitambo inayolenga watu, na mipaka kwa inayobaki. Oktoba 2023 rais wa kamati hiyo na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa walitoa wito wa pamoja wa kuwa na mkataba kufikia mwaka 2026. Tarehe 2 Desemba 2024 azimio la Baraza Kuu la kuendeleza mazungumzo lilipata kura 166 za ndiyo, huku Urusi, Belarusi na Korea Kaskazini zikikataa. Geneva kwenyewe mambo hujikokota, kwa kuwa huko huamuliwa kwa kauli moja na nchi yoyote inaweza kukwamisha.

Afrika haikungoja. Novemba 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, ilitoa Maoni ya Jumla Namba 3 kuhusu haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika. Humo ilisema wazi kwamba uhuru wowote wa mashine katika kuchagua watu wa kulengwa au kutumia nguvu lazima uwe chini ya udhibiti wa maana wa binadamu. Ni tafsiri ya mkataba ambao Tanzania imeuridhia, na haiwahusu askari wa vitani peke yao. Nashangaa inavyotajwa kwa nadra, hata na sisi wenyewe.

Udhaifu wake uko kwenye utekelezaji. Mahakama ya Afrika iko Arusha, mkoa unaopakana na Mara, lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kuipelekea mashauri moja kwa moja. Mkazi wa Matongo hawezi leo kwenda kuuliza huko kuhusu bunduki ambayo haijafungwa bado. Anayeweza kuuliza kabla ni mbunge wake. Ibara ya 36 ya Itifaki ile ya 1977, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inaitaka kila nchi ichunguze uhalali wa silaha mpya kabla ya kuinunua au kuitumia. Basi siku bajeti ya ulinzi au ya mambo ya ndani itakapoleta bungeni mitambo ya kulinda mipaka, migodi au hifadhi, mbunge aulize kama mtambo huo unaweza kulenga mtu bila askari kumwona, nani ana ufunguo wa mpangilio huo, na kama uchunguzi wa ibara ya 36 umefanyika. Ukiwa unaweza, usinunuliwe.